Akaunti ya wateja ikiwa na pesa haimaanishi pesa za kila mteja ziko

Sisi tunashika vitabu vya maofisi madogo ya mawakili hapa Nairobi, na swali tunaloulizwa kila mara ni, si benki inaonyesha pesa iko, sasa shida iko wapi? Shida ni kwamba akaunti ya wateja ni moja lakini ndani mna pesa za watu wengi, na benki haijui ipi ni ya nani. Leja ndiyo inajua.

Tuseme akaunti iko na 2,480,000, zote za wateja wa zamani. Anakuja mama ananunua ploti mjini ya milioni 6. Ushuru wa stempu wa asilimia 4 ni 240,000, fii ya wakili 60,000, VAT 9,600, kwa hivyo analeta cheki ya 309,600. Karani anaipeleka benki asubuhi, anaiandika kwa leja, na vile mama ana haraka, mchana huohuo analipa ule ushuru. Siku mbili baadaye cheki inadunda. Benki imebaki 2,240,000, bado inaonekana nono, hakuna anayeshtuka, lakini wale wateja wengine bado wanadai 2,480,000 yao. Ushuru wa mama umelipwa na pesa zao na hawajui.

Na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mwisho wa mwezi ukijumlisha leja zote, ya mama iko minasi 240,000, jumla inatoka 2,240,000, sawa kabisa na benki, na mtu anatiki anaenda nyumbani! Hesabu imekubali na pesa za watu hazipo. Ndiyo maana sisi hatuangalii jumla pekee, tunapitia leja ya kila mteja, na ikipatikana hata moja iliyo minasi tunampigia wakili siku hiyohiyo atoe 240,000 kwa akaunti ya ofisi azirudishe kwa ya wateja. Kumfuata mama ni baadaye, hao wengine hawawezi kungoja deni lisilo lao. Dawa yenyewe ni kutolipa chochote kabla cheki haijakomaa.

Cheki ingepita, ile 69,600 ingebaki kwa akaunti ya wateja mpaka mama apewe bili kwa maandishi na ajulishwe kwamba itakatwa kwa pesa zake, halafu inahamishwa 69,600 kamili kwenda akaunti ya ofisi, ikiandikwa kwa jina lake. Tukiona laki moja imehamia ofisi na imeandikwa "fii" tu, bila mteja wala bili, tunauliza, maana hiyo laki lazima ilitoka kwa leja ya mtu. Makato ya benki nayo ni mzigo wa ofisi.

Ukitaka tukuangalilie, tutumie steitimenti ya mwezi uliopita pamoja na leja za wateja wote, hata zile unaona zimelala, kwa sababu vibakio vya kesi za zamani ndivyo huziba mashimo bila mtu kugundua.