Asilimia 99.9 ya mwaka si asilimia 99.9 ya mwezi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu kampuni zinazokodisha seva na programu kwa ofisi. Mwandishi alieleza vizuri mambo mengi, lakini alipofika kwenye mkataba wa kiwango cha huduma aliandika kwamba mtoa huduma anayeahidi upatikanaji wa asilimia 99.9 ni kama hakatiki. Hapo ndipo nilipoona siwezi kunyamaza. Kazi yangu ni kusimamia mifumo ya ofisi, na nimewahi kupitisha mkataba nikiwa na imani hiyohiyo. Iliniponyoka siku moja, kati ya asubuhi na mchana.

Nianze na hesabu yenyewe, maana ni nyepesi na kila mtu anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Mwaka wa siku 365 una dakika 525,600. Ahadi ya asilimia 99.9 inaacha sehemu moja kati ya elfu, yaani dakika 525.6. Ukizigeuza kuwa saa unapata saa 8, dakika 45 na sekunde 36. Huo ndio muda ambao mfumo unaweza kuzimika katika mwaka mzima bila mtoa huduma kuvunja ahadi yake. Akiahidi asilimia 99 tu, muda huo unapanda hadi siku 3 na saa 15 na ushei. Akiahidi asilimia 99.99 unashuka hadi dakika 52 na nusu. Kwa jicho namba hizo tatu zinafanana sana, lakini kila tisa inayoongezwa inapunguza muda wa kukatika mara kumi.

Mpaka hapo pengine mwandishi wenu angesema kwamba karibu saa 9 kwa mwaka si nyingi. Ningekubaliana naye kama saa hizo zingekuja kwa vipande vidogovidogo, dakika mbili leo na dakika tano mwezi ujao. Tatizo ni kwamba asilimia haisemi lolote kuhusu namna muda huo utakavyogawanyika. Kinachosema ni neno jingine kwenye mkataba, ambalo kwa kawaida limejificha katika sehemu ya maana ya maneno: kipindi cha kupimia. Je, asilimia inahesabiwa kwa mwezi au kwa mwaka? Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200, kwa hiyo asilimia 99.9 ya mwezi inaruhusu dakika 43 tu na sekunde 12. Ukijumlisha miezi 12 unarudi karibu kwenye zile saa 8 na dakika 45. Jumla ni ileile. Ila katika mkataba wa mwezi, dakika ambazo hazikutumika mwezi huu haziwezi kuhamishiwa mwezi ujao, na katika mkataba wa mwaka zote zinaweza kutumika siku moja.

Sisi tulikuwa na mkataba wa mwaka, na mimi niliusoma bila kulipa uzito neno hilo. Mfumo wetu wa kupokea maagizo ya wateja ulizimika siku ya kazi, saa 2:10 asubuhi, na wafanyakazi waliweza kuingia tena saa 8:22 mchana. Hizo ni dakika 372. Karibu siku nzima ya kazi ilipotea, watu wakiandika maagizo kwenye karatasi na wengine wakiwaomba wateja wapige simu kesho. Jioni yake niliandika barua ya kudai fidia nikiwa na uhakika kabisa kwamba ahadi imevunjwa. Nani angeamini vinginevyo, baada ya saa sita na zaidi?

Jibu lilikuja siku iliyofuata, kwa lugha ya heshima, na lilikuwa sahihi. Hata kwa saa yetu wenyewe, dakika 372 ukizigawa kwa 525,600 ni asilimia 0.07. Kwa kipimo cha mwaka, mfumo wetu ulikuwa umepatikana kwa asilimia 99.93, juu ya kiwango walichoahidi. Si hivyo tu, walikuwa wamebakiwa na dakika 153 ambazo wangeweza kuzitumia kabla mwaka haujaisha, bado bila kudaiwa kitu. Nilichukua kikokotoo nikafanya hesabu ya pili, ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kusaini. Kwa kipimo cha mwezi, dakika zilezile 372 zingeshusha upatikanaji hadi asilimia 99.14, chini kabisa ya ahadi. Ni tukio lilelile moja, na asilimia ya ahadi ni ileile 99.9. Kwa mkataba mmoja hakuna kosa, kwa mwingine kosa ni la wazi.

Kuna jambo la pili nililojifunza kwenye jibu lile, nalo nadhani wasomaji wengi hawalijui. Taarifa yao haikusema dakika 372. Ilisema 334. Saa yao ilianza kuhesabu saa 2:31, wakati ombi letu la msaada lilipofunguliwa na kupewa namba, si saa 2:10 wafanyakazi walipoanza kuona ukurasa mweupe. Nayo ilisimama saa 8:05, seva ilipoanza kuitika kipimo chao cha kiotomatiki, ingawa kwa dakika 17 nyingine hakuna mtu aliyeweza kuingia kwa sababu hifadhidata ilikuwa bado inajipanga. Dakika 38 zilipotea kati ya saa yetu na saa yao, na hakuna aliyedanganya. Mkataba ulisema wazi kwamba kukatika kunaanza pale mteja anapotoa taarifa, na kunaisha pale seva inapojibu. Seva inayojibu na mfumo unaofanya kazi ni vitu viwili tofauti. Tangu siku ile tunaendesha programu yetu ndogo inayojaribu kuingia kwenye mfumo kila dakika moja kama mtumiaji wa kawaida angefanya, na kuandika saa na matokeo kwenye faili. Bila kumbukumbu ya namna hiyo, mteja anabishana kwa hisia na mwenzake anajibu kwa rekodi.

Ungeuliza pia kuhusu matengenezo ya kupangwa. Mkataba wetu uliyatoa nje ya hesabu, mradi taarifa itolewe mapema, na uliruhusu hadi saa 4 kila mwezi. Kwa mwaka hizo ni saa 48, zaidi ya mara tano ya zile saa 8 na dakika 45 ambazo kila mtu anazitazama. Kwetu hazikuuma sana kwa kuwa zilifanyika usiku, na sioni ubaya wa kifungu hicho kwa ofisi inayofungwa jioni. Kwa anayehudumia watu usiku na mchana ni habari nyingine kabisa.

Muda wa kuongeza mkataba ulipofika, nilikwenda mezani nikiwa na ombi moja: asilimia ileile, ila ipimwe kwa mwezi. Walikataa. Walisema kwa uaminifu kwamba hitilafu kubwa moja, kama kuharibika kwa kifaa cha kuhifadhia data, inaweza kuwachukua saa mbili au tatu kuirekebisha, na dakika 43 haziwatoshi. Walichokubali ni asilimia 99.5 kwa mwezi. Mwenzangu wa idara ya fedha alishtuka. Kwake tulikuwa tunashushwa daraja, tulipe bei ileile kwa ahadi ndogo zaidi. Nilimwonyesha karatasi. Asilimia 99.5 ya mwezi wa siku 30 ni dakika 216, yaani saa 3 na dakika 36. Lile tukio letu la saa sita lingeuvunja mkataba huo hata kwa saa yao wenyewe, na tungepata punguzo kwenye ankara ya mwezi ule. Mkataba wa zamani wenye namba nzuri zaidi haukutulinda.

Sisemi kwamba mkataba wa mwezi ni bora kwa kila mtu, na hapa naomba nieleweke. Kwa asilimia 99.5 ya kila mwezi, mtoa huduma anaweza kukatika saa 3 na nusu mwezi baada ya mwezi, na mwisho wa mwaka jumla ikakaribia saa 44 bila kosa hata moja. Hiyo ni mara tano ya ile ya awali. Tulikubali kwa sababu tuliipima kazi yetu wenyewe: kukatika kwa nusu saa tunaweza kukuvumilia hata kukijirudia, lakini siku nzima ya kazi ikizimika, maagizo ya siku hiyo hayarudi. Ofisi ambayo kila kukatika, hata kwa dakika kumi, kunaharibu kazi iliyokuwa katikati, ingepaswa kuchagua vingine, na kuweka pia kikomo cha idadi ya matukio kwa mwezi. Mikataba mingine huweka vipimo vyote viwili, cha mwezi na cha mwaka, na pale inapowezekana ningechukua hivyo.

Na fidia nayo isitazamwe kama bima. Punguzo tulilokubaliana ni asilimia 10 ya ada ya mwezi ule, na linatolewa tu tukiliomba ndani ya siku 30. Halifikii hata kidogo hasara ya asubuhi ile. Thamani yake naiona kwingine: mtoa huduma akishaanza kupunguza ankara, suala linatoka kwa fundi linafika kwa meneja wake, na hitilafu inayojirudia inapata mtu wa kuishughulikia.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako likiandika tena kwamba kampuni fulani imeahidi asilimia fulani ya upatikanaji, waandishi wako wamuulize msemaji wake mambo mawili na wayaandike kwenye sentensi ileile: asilimia hiyo ni ya mwezi au ya mwaka, na saa inaanza kuhesabu lini. Kisha waweke dakika kando ya asilimia. Msomaji anayeona "asilimia 99.9 kwa mwaka, yaani hadi saa 8 na dakika 45, na zinaweza kuwa za siku moja" atajua anachokisaini. Mimi sikujua, na mkataba ulikuwa mikononi mwangu wiki mbili nzima kabla sijautia saini.

Wako,
Msimamizi wa mifumo