Vipande vinavyotoka baada ya dawa ya kuingiza si uchafu wa kizazi

Mhariri,

Matangazo ya dawa za kuingiza ukeni siku hizi hayakosi picha. Juu ya kitambaa cheupe huwekwa vipande telezi vya rangi ya kijivu au kahawia, na chini yake maneno: huu ndio uchafu uliokuwa kwenye kizazi, umetoka ndani ya siku tatu. Picha hiyo inauza kuliko maneno yote ya muuzaji, kwa kuwa mnunuzi naye akitumia dawa huviona vipande kama hivyo kwa macho yake. Sisi tulio kwenye huduma ya afya ya uzazi hapa Tanga tunaomba nafasi tueleze vipande hivyo ni nini.

Ukuta wa uke una tabaka nyingi za seli laini. Juu yake huishi bakteria wenye faida wanaotengeneza asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo inayoweka pH ya uke kati ya 3.8 na 4.5, uchachu ambao vijidudu vingi vya maradhi haviuwezi. Kizazi chenyewe kiko juu zaidi, nyuma ya mlango wa kizazi, ambao siku za kawaida una tundu jembamba lililozibwa na ute. Dawa iliyowekwa ukeni haivuti kitu kutoka huko. Haitoi uvimbe, haitoi damu ya zamani, haizibui mirija.

Kinachotokea ni hiki. Shabu, yale mawe meupe tunayopaka kwapani, hugandisha protini. Ikikaa kwenye ukuta wenye unyevu, seli za juu hufa, hushikana kama utando, kisha hubanduka. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa huunguza hata ngozi ya mkono kikifungwa hapo kwa saa kadhaa, sembuse huko. Vile vifundo vya majani yaliyosagwa, vilivyofungwa kwenye kitambaa cha wavu chenye uzi, huachwa ndani saa 24 hadi 72. Hunyonya maji, huvimba na kusugua, na mwili hujibu kwa kumimina majimaji na chembe nyeupe za damu pale palipochubuka. Changanya seli zilizokufa, majimaji hayo, ute na unga wa majani, umepata ile picha. Mwanamke asiye na tatizo lolote akiweka kifundo hichohicho, vitamtoka vilevile. Na ule "mnato" unaosifiwa ni uvimbe na ukavu: uke umevimba na kukauka, haujarudi ujana.

Tuchukue mfano wa namna tatizo linavyokua. Mwanamke anatokwa na majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo, na shombo huzidi baada ya hedhi na baada ya tendo la ndoa. Hana muwasho mkubwa wala maumivu. Dalili hizo huelekeza kwenye kuvurugika kwa bakteria wa uke: wale wenye faida wamepungua, wengine wamejaa, pH imepanda kupita 4.5, yaani uchachu umepungua. Shahawa na damu hupunguza uchachu, ndiyo maana harufu hufumuka wakati huo. Sabuni nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo anayeosha ndani kwa sabuni ili kuondoa shombo huiamsha, kisha huosha tena. Akishauriwa kifundo chenye karafuu, siku mbili tatu atanukia karafuu na kuona vipande. Wiki ya pili shombo imerudi, safari hii na mkojo unamchoma kwa sababu unapita penye michubuko. Muuzaji atamwambia uchafu ulikuwa mwingi, dozi iongezwe. Biashara nzuri hiyo, maana jeraha ndilo linalomleta mteja tena.

Kituo cha afya kingempima majimaji na kumpa metronidazole, kwa kawaida miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Hatusemi haiwezi kurudi. Hali hii hurudi kwa wanawake wengi hata wakitibiwa sawasawa, nao hurudi kupimwa. Ila dawa hiyo haifai kubahatishwa dukani. Ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, wenye muwasho mkali, mara nyingi ni fangasi, na metronidazole haiugusi. Majimaji ya njano au kijani yenye povu huenda ni trikomona, kimelea cha zinaa, na hapo mume naye hutibiwa, la sivyo kazi ni bure. Majimaji yenye damudamu na harufu ya kuoza, hasa kwa aliyekoma hedhi, yanataka uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi bila kuchelewa. Hapo miezi ya kujaribu vifundo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Tukigusia siki: wapo waliosikia kliniki wanapaka siki mlango wa kizazi, wakaona basi nayo ni dawa ya kuoshea. Mhudumu hupaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, tena kwenye mlango wa kizazi tu, husubiri dakika moja hivi aone kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe, basi. Ni kipimo. Kusukuma siki, ndimu au maji matupu ndani kila siku huondoa bakteria wenye faida na kuweza kupandisha vijidudu kuelekea kwenye kizazi na mirija, ambako makovu yake huleta ugumba na mimba za nje ya kizazi. Michubuko nayo hufungua njia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya takwimu za wanawake zaidi ya 14,000 wa Afrika kusini mwa Sahara, ulikuta kwamba walioosha ndani kwa sabuni au kuingiza vitu vya kukausha na kubana walipata VVU zaidi kuliko wasiofanya hivyo.

Kujifukiza tunakutenga na udi. Chetezo cha kufukizia nguo na nywele hatuna ugomvi nacho. Tunasema habari ya kuchuchumaa juu ya ndoo ya maji yaliyotoka jikoni yakichemka na mwarobaini, ukajifunika kanga mvuke usitoke. Mvuke hauendi kwenye kizazi. Unaishia kwenye mashavu ya uke, na ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto lake lote hapo. Mwaka 2019 jarida la madaktari wa uzazi la Kanada lilieleza habari za mwanamke wa miaka 62 aliyejifukiza akitafuta nafuu ya uke ulioshuka, akaungua kwa daraja la pili. Aliyeungua ajimwagie maji baridi ya bomba kwa dakika 20, asipake dawa ya meno wala asali, aende kituoni. Mzazi mwenye nyuzi anaweza kukalia maji ya uvuguvugu, lakini asiingize kitu, kwa kuwa mlango wa kizazi baada ya kujifungua bado haujarudi kawaida.

Aliye na kifundo ndani hivi sasa anawe mikono, achuchumae, asukume kidogo kama anayekwenda haja, avute uzi taratibu au anase kitambaa kwa kidole. Asitumie kijiti wala kibanio, na asijioshe ndani kufukuza mabaki. Kitambaa kikikatika au kisipopatikana, mhudumu atakitoa kwa dakika chache kituoni, na hana haja ya kueleza nani alimuuzia. Asikutane na mume mpaka michubuko ipone. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu chini ya kitovu, vipele vyekundu mwilini, kutapika au kizunguzungu cha kuanguka, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme wazi kuna kitu kiliingizwa na kilikaa saa ngapi.

Wakunga na wauguzi wa afya ya uzazi,
Tanga