Wanaoandika video za kunawa mikono, njooni kwanza chumba cha vidonda

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wale wanaoandika skripti za video za mafunzo kwa wafanyakazi wa kliniki. Mimi ni muuguzi katika kliniki ndogo pande za Eastlands. Majuzi tuliletewa video ya dakika 9 kuhusu usafi wa mikono. Tuliitazama saa moja asubuhi kabla ya kufungua, tukiwa tumejibana kwenye benchi la wagonjwa, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la pamba. Tuliona mikono mizuri, sinki inayong'aa, mfereji unaofungwa kwa kiwiko, na muziki juu yake. Hatua zote za kusugua zilikuwemo. Mgonjwa hakuwemo hata mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ugomvi wangu uko hapo. Sijakutana na muuguzi asiyejua kunawa. Niliokutana nao, na mimi nikiwa miongoni mwao, ni wale ambao kazi ikishachanganya hawajui mkono ulipaswa kusafishwa wakati gani. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa juu, kama kudunga sindano au kufunga kidonda, baada ya kugusana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Zikiwa kwenye bango ukutani zinaeleweka vizuri sana. Ukiingia nazo chumba cha vidonda, zinapandana. Video yetu ilizisoma zote tano kwa sauti tamu, kisha ikarudi kwenye sinki.

Kwa hivyo tulikaa watu watatu tukaandika skripti yetu. Tulichagua kazi moja tu, ya kila siku: kijana wa bodaboda aliyeungua muundi kwa bomba la moshi la pikipiki, amerudi kubadilishiwa bendeji. Inaanza hivi:

PICHA: Muuguzi anapanga juu ya toroli shashi, maji ya chumvi, plasta, jozi mbili za glavu na mfuko wa taka. Chupa ya sanitaiza iko kwenye toroli hiyo hiyo.
MAANDISHI: Vitu vyote viko hapa? Sasa safisha mikono.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kupanga vitu kutangulie. Ni kwa sababu kosa kubwa la chumba kile huanzia hapo. Ukisahau shashi, utaikumbuka ukiwa na glavu zilizokwisha kushika bendeji chafu, na utafungua droo nazo. Glavu zile zile. Mwenzako atakuja baada ya saa nzima, mikono yake ikiwa safi kabisa, ashike mpini wa droo na kuendelea na mgonjwa wake. Hakuna video ya sinki itakayomwonyesha mpini huo. Sisi tuliuweka: kamera inausogelea, kimya, kwa sekunde 3, na maandishi yanauliza, "Nani mwingine atashika hapa?"

Sehemu ya pili ndiyo moyo wa skripti.

PICHA: Glavu zimevaliwa. Bendeji kuukuu inatolewa na kutupwa mfukoni. Glavu zinavuliwa kwa kugeuzwa ndani nje, zinafuata humo humo. Mkono unanyooka kuchukua jozi mpya.
MAANDISHI: Simama. Glavu zimetoka, mikono bado.
PICHA: Sanitaiza. Kusugua sekunde 20, bila kukata. Mikono inakauka. Ndipo jozi mpya inavaliwa.

Nimeona watu wazima wakibishana kuhusu hapo. Mmoja husema glavu zilikuwa zimemkinga, mikono haijagusa usaha, ya nini tena? Glavu huweza kuwa na tundu dogo lisiloonekana kwa macho. Isitoshe, uchafu huhamia kwenye kifundo na vidole wakati wa kuzivua, hasa ukivua haraka na mgonjwa wa pili anagonga mlango. Mwingine husema basi hapo tunawe mara mbili, kwa kuwa tumemaliza kugusa majimaji na tunaanza kazi safi. Hapana. Nyakati mbili zikikutana bila chochote kuguswa katikati, kusafisha mara moja kunatosha. Mwishoni ni vivyo hivyo: kidonda kimefungwa, glavu zimevuliwa, umetoka kwenye majimaji na umetoka kwa mgonjwa, unasafisha mara moja, ndipo unashika kalamu. Ukihesabu, kazi nzima imechukua kusafisha mikono mara 3. Wenzangu walipoiona hesabu hiyo ndipo walipotulia, maana bango la nyakati 5 lilikuwa limewatia hofu kwamba watashinda wakisugua tu.

Ila kuna masharti. Baada ya kusugua na kabla ya glavu mpya, simu ikilia ukaishika, au ukamvutia kijana kiti, hesabu imevunjika na unaanza upya. Tuliiandika simu ndani ya skripti kwa makusudi. Inalia, muuguzi anaitazama, anaiacha ilie. Mwigizaji wetu aliipokea kwenye jaribio la kwanza bila kujijua, na picha hiyo hatukuifuta. Tuliiacha kama ilivyo, tukaweka maandishi: "Rudi mwanzo."

Sasa niseme kuhusu sekunde, kwa kuwa hapa wahariri wa video ndio wenye makosa. Kusugua kwa sanitaiza huchukua sekunde 20 hadi 30, na kunawa kwa sabuni na maji, tangu kulowesha hadi kukausha, sekunde 40 hadi 60. Video tuliyoletewa ilitamka namba hizo, lakini mikono kwenye skrini ilisugua kwa sekunde 6, ikakatwa, muziki ukapanda. Mtu hufuata jicho kuliko sikio. Anayetazama mkono ukimaliza kwa sekunde 6 anaondoka na sekunde 6. Nakubali kwamba sekunde 20 za mikono inayosugua zinachosha kutazama. Zichoshe. Weka namba kwenye pembe ya skrini ikihesabu, na uitumie nafasi hiyo kutaja kila sehemu inapofikiwa: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, migongo ya vidole, vidole gumba, ncha.

Ncha na gumba nitazirudia. Kabla ya kurekodi tulifanya jaribio la rangi. Mwenzetu mmoja alivaa glavu nyeupe, tukamfunga macho kwa leso, tukammiminia kiganjani kijiko cha chai cha rangi ya maji, ile ya watoto wa shule, tukamwambia ajisugue kama anavyojisugua kila siku. Alisugua kwa bidii, hata akatuuliza kama tumeridhika. Alipofunguliwa macho, viganja vilikuwa vyekundu tele, na kidole gumba cha kulia kilikuwa cheupe kuanzia shina hadi kwenye kiungo. Ncha zote kumi zilikuwa zimeambulia michirizi tu. Ncha ndizo zinazogusa kidonda. Ndizo zinazopapasa mshipa kabla ya sindano. Alikaa kimya akiitazama mikono yake, kisha akaomba arudie. Onyesho hilo linagharimu rangi kidogo na jozi moja ya glavu, na lina nguvu kuliko michoro yote ya vijidudu vya kijani vyenye meno ambavyo mmetuwekea.

Kuhusu kiasi cha sanitaiza, skripti nyingi husema "weka kiasi cha kutosha", maneno ambayo hayamsaidii mtu. Chukua ya kujaza kishimo cha kiganja. Kipimo chake ni rahisi: ikikauka kabla ya sekunde 20, ulichukua kidogo. Na mikono iwe mikavu unapoanza, kwa kuwa maji huizimua spiriti. Tena mseme wazi pale sanitaiza isipofaa. Mikono ikiwa na damu, usaha au uchafu unaoonekana, au umetoka msalani, ni sabuni na maji.

Maji yenyewe, Nairobi, mnayajua. Mtaani kwetu mfereji hutoka siku kadhaa kwa wiki, na siku nyingine ni mitungi. Tunatumia ndoo yenye mfereji mdogo chini, na beseni la kukinga. Tuliirekodi ndoo hiyo hiyo, kwa kuwa mfanyakazi akiona sinki ya kufungwa kwa kiwiko anajiambia kuwa somo hilo ni la hospitali kubwa. Ndoo ina shida yake: mfereji wake unafungwa kwa vidole vile vile ulivyoufungulia vikiwa vichafu. Hapo karatasi ya kukaushia ndiyo inayoufunga, kisha inatupwa. Taulo ya kitambaa inayoning'inia msumarini, ya watu wote, tuliitoa chumbani siku hiyo hiyo. Ilikuwa na unyevu saa mbili asubuhi.

Neno la mwisho kwa wanaopanga maandishi ya skrini. Wengi wetu tunatazama video hizi bila sauti, kwa kuwa wagonjwa wako nje ya pazia. Maandishi ndiyo mwalimu. Kwenye video yetu ya kwanza yalitokea baada ya kitendo: muuguzi amekwisha kuvaa glavu, ndipo yanaandikwa "Kumbuka kusafisha mikono kabla ya kuvaa glavu." Mtu hakumbuki kilichokwisha kupita. Yatangulie kitendo, yawe na maneno matano au sita, na yakae hadi mtu ayasome mara mbili bila haraka.

Skripti yetu inaishia kwenye skrini nyeusi yenye swali moja: "Chupa iko wapi chumbani mwenu?" Anayeongoza mafunzo anasimamisha video hapo, na kila mtu ananyoosha kidole. Tulipoijaribu mara ya kwanza tulikuwa watu saba. Watano walionyesha mlangoni, mmoja akaonyesha kaunta ya malipo. Wa saba alisema yake iko mkobani, kwa sababu ile ya kliniki iliisha Ijumaa.

Muuguzi,
Eastlands, Nairobi