Kilele kipya, nguvu ndogo: kwa nini karatasi yetu huandika "kasi imepungua" na haiandiki "uza"

Wateja wanaochukua karatasi yetu ya chati ya dhahabu kila Jumamosi hapa ofisini Chake Chake hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Bwana mmoja wa Wete ndiye aliyeliweka wazi kuliko wote: "Kaka, bei imepita kilele cha juzi, nyinyi mnaandika kasi imepungua. Sasa kama imepungua, si mniambie niuze?"

Swali lina haki ya kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu jibu lake ndilo kazi yenyewe tunayoifanya. Sisi hatushiki fedha za mtu wala hatutoi amri za kununua na kuuza. Tunapima afya ya mwenendo wa bei, na kipimo tunachokiamini zaidi ni kile alichokibuni Dk. Alexander Elder, daktari wa magonjwa ya akili aliyegeukia biashara ya masoko, mwaka 1989. Kwenye programu ya chati ya MetaTrader kimegawanywa vipande viwili, Bulls Power na Bears Power, na vyote vimo katika kundi la Oscillators. Cha kwanza ni nguvu ya wanunuzi, cha pili ni nguvu ya wauzaji.

Hesabu yake inafanyika kwa kalamu. Kwanza unahitaji wastani wa bei za kufunga wa siku 13 za soko, ule ambao programu huuita Exponential, kwa kifupi EMA, unaozipa siku za karibuni uzito mkubwa kuliko za zamani. Uzito wa siku ya leo ni 2 gawanya kwa jumla ya 13 na 1, yaani moja ya saba. Kwa hiyo kila siku unachukua tofauti kati ya bei ya kufunga na wastani wa jana, unaigawa kwa saba, kisha unaijumlisha kwenye wastani wa jana.

```
EMA mpya = EMA ya jana + (bei ya kufunga - EMA ya jana) / 7
Bulls Power = bei ya juu ya siku - EMA mpya
Bears Power = bei ya chini ya siku - EMA mpya
```

Mantiki yake ni hii. Wastani unaonyesha bei ambayo soko limeizoea kwa wiki mbili tatu zilizopita. Bei ya juu ya siku ni pale wanunuzi walipofika walipotumia nguvu zao zote, na bei ya chini ni pale wauzaji walipofika. Tunachopima ni umbali ambao kila upande umeweza kuivuta bei kutoka kwenye mazoea hayo.

Tuchukue mfano wa dhahabu, kwa dola kwa aunsi. Tarakimu ni za kufundishia, tumezichagua zigawanyike vizuri. Wastani wa jana ulikuwa 2,600. Leo bei imefunga 2,635, ya juu 2,642, ya chini 2,611. Tofauti ya 35 ukiigawa kwa saba ni 5, wastani mpya ni 2,605. Nguvu ya wanunuzi ni 37, na ya wauzaji ni 6 juu ya sifuri. Hiyo 6 itazame vizuri: wauzaji kwa bidii yao yote ya siku nzima wameshindwa kuishusha bei hata ikagusa wastani. Mwenendo wa aina hii una nguvu, lakini anayenunua siku hiyo ananunua ghali. Elder mwenyewe alishauri kusubiri nguvu ya wauzaji iingie chini ya sifuri kisha ianze kupanda, huku wastani ukiwa bado unaelekea juu.

Siku kama nane za soko zinapita, bei inazunguka chini ya 2,642, na wastani unaikaribia mpaka kufika 2,628. Siku inayofuata soko linafunga 2,621, ya juu 2,636, ya chini 2,609. Wastani unarudi hadi 2,627, na nguvu ya wauzaji ni 18 chini ya sifuri. Kesho yake linafunga 2,634, ya juu 2,640, ya chini 2,617. Wastani unapanda tena hadi 2,628, na nguvu ya wauzaji ni 11 chini ya sifuri. Kutoka -18 hadi -11: wauzaji wamejaribu, wakafika, na wanaachia. Wastani ulitikisika dola moja tu. Karatasi yetu siku kama hiyo huandika "imepumua, ni nzima".

Sasa ndipo penye swali la bwana wa Wete. Siku nne baadaye wastani wa jana ni 2,633. Bei inafunga 2,647, ya juu 2,653, ya chini 2,638. Tofauti ni 14, moja ya saba yake ni 2, wastani mpya 2,635. Bei ya juu imekipita kilele cha kwanza kwa dola 11. Lakini nguvu ya wanunuzi ni 18 tu, na pale mwanzo ilikuwa 37. Kilele ni kirefu zaidi, nguvu ni nusu.

Watu wengi wamefundishwa kwamba hali hii maana yake bei itageuka. Hapa ndipo tunapokataa, na sababu yetu ni ya hesabu. Wastani huu wa siku 13, bei ikipanda kwa mwendo usiobadilika, hubaki nyuma ya bei ya kufunga kwa mara sita ya mwendo wa siku moja. Dhahabu ikipanda dola 5 kila siku, wastani utatulia dola 30 nyuma yake na kubaki hapo hapo. Ikipunguza mwendo na kupanda dola 2 kwa siku, pengo litasinyaa taratibu hadi 12. Tazama kinachotokea: bei inaweka kilele kipya kila siku, hakuna hata siku moja iliyoshuka, na bado nguvu ya wanunuzi inaporomoka kwenye chati. Kipimo hakijakosea. Kimesema kweli kwamba mwendo umepungua, na kupungua mwendo si kugeuka. Soko linaweza kupanda polepole hivyo kwa wiki nyingi, na aliyeuza kwa sababu ya nguvu kushuka atakuwa anapambana na wastani ambao bado unapanda.

Ndiyo maana tunaandika "kasi imepungua" na tunanyamaza hapo. Ushauri wetu kwa mwenye dhahabu mkononi ni asiongeze mzigo, na asubiri bei irudi nyuma mara nyingine, kwa sababu hukumu itatolewa na nguvu ya wauzaji siku hiyo.

Tuendelee na mfano wetu. Siku chache baadaye wastani umefika 2,638. Bei inafunga 2,631, wastani unashuka hadi 2,637. Kesho yake inafunga 2,616, ya juu 2,632, ya chini 2,606. Tofauti ni 21 kwenda chini, moja ya saba ni 3, wastani 2,634. Nguvu ya wauzaji ni 28 chini ya sifuri, wakati mara ya kwanza waliishia 18. Na nguvu ya wanunuzi nayo imeingia chini ya sifuri, -2: wanunuzi siku nzima hawakuweza kuipandisha bei hata ikafika kwenye wastani. Wastani wenyewe umeshuka siku mbili mfululizo. Mambo matatu yamekutana, na hapo karatasi huandika "mwenendo ni mgonjwa". Lau tungemwambia mtu auze pale 2,653 ilipogongwa, mara hii angeshukuru. Lakini bei ingerudi nyuma na wauzaji wakaishia -9 au -12, wastani ukaendelea kupanda, tungekuwa tumemtoa kwenye mwenendo mzima bila sababu. Sisi twaona ni bora kuchelewa kwa dola thelathini na kitu kuliko kubahatisha.

Kuna mambo yanayokiharibu kipimo hiki. La kwanza ni habari za Marekani. Takwimu za ajira za huko hutoka saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, au saa kumi na nusu wakati wao wanapokuwa katika majira ya baridi. Bei inaweza kuruka juu kwa dakika chache kisha ikarudi ilikotoka, nayo bei ya juu ya siku inabaki imeandikwa. Nguvu ya wanunuzi siku hiyo itaonekana kubwa ajabu, ilhali bei ya kufunga haikuifuata. Ukiona mshumaa wa siku kwenye chati wenye mkia mrefu juu na mwili mdogo, usiutumie kuwa kilele cha kulinganishia.

La pili ni kusoma siku ambayo haijafunga. Tarakimu za leo zinabadilika mpaka soko lifunge, na kila dalali ana saa yake ya kufunga siku. Ndiyo sababu simu mbili kwenye meza moja zinaonyesha namba tofauti kidogo za dhahabu ile ile. Hakuna iliyovunjika. Chagua moja ulinganishe nayo yenyewe.

La tatu linawahusu zaidi wenzetu wa hapa Pemba, kwa sababu tunaulizwa sana kama tunaweza kupima karafuu. Hatuwezi. Kipimo kinahitaji bei iliyoshindaniwa kutwa, yenye juu yake na chini yake. Karafuu ya mkulima hununuliwa na shirika la serikali la ZSTC kwa bei iliyopangwa, kwa hiyo juu, chini na kufunga ni namba moja, na wastani baada ya muda huikaribia namba hiyo hiyo. Nguvu zote mbili zitakuwa karibu na sifuri, na hiyo haielezi chochote kuhusu soko la dunia. Hisa za Dar es Salaam zinazouzwa mara chache nazo zina shida kama hiyo: siku ikiwa na bei moja tu, nguvu ya wanunuzi na ya wauzaji zinalingana, na hapo hakuna mvutano wa kupima.

Anayetaka tumsomee chati yake mwenyewe aje na picha ya skrini yenye miezi mitatu ya siku, EMA ya 13 juu ya bei, Bulls Power na Bears Power chini yake, zote zikiwa na 13. Ukija na chati ya dakika tano tutakuomba ubadilishe iwe ya siku kabla hatujaanza, kwa sababu kwenye dakika tano tofauti ya bei ya kununulia na kuuzia pekee inaweza kumeza nguvu unayotaka kuipima.