Barua kwa Zuhura: zile alama kwenye mabano

Kisauni, Mombasa.
Jumapili jioni.

Shoga yangu Zuhura,

Salamu sana, na mama mpe zangu. Picha za majibu yako ya Karatasi ya Pili ya Kiswahili nimezipata, na nimezisahihisha kwa kalamu nyekundu kama ninavyowasahihishia wanafunzi wangu. Usininunie. Ufahamu uko sawa. Kilichonishangaza ni isimujamii, maana najua unaijua, na bado umetoka na 5 kwa 10.

Swali lenyewe unalikumbuka, yale mazungumzo ya matatu: "Haya Kongowea, Kongowea! Hamsini! Mama ingia, wawili tu twaondoka." Abiria akauliza, "Si jana ilikuwa thelathini?" Makanga akajibu, "Leo mvua, mama. Dere, twende!"

Sehemu ya (a) ilikutaka utambue sajili na utoe ushahidi mmoja, alama 2. Uliandika "Sajili ya matatu", ukaenda zako. Hiyo ni alama moja. Ya pili ilikuwa inakungoja pale pale: ungenukuu tu "Dere, twende!"

Sehemu ya (b) ndiyo iliyoniuma. "Huku ukitoa mifano, eleza sifa nne za lugha iliyotumiwa (alama 8)." Wewe ukaandika aya moja nzuri, ya kusomeka kabisa: makanga anarudia maneno, anatumia lugha ya mitaani, sentensi zake ni fupi, na anamshawishi abiria. Sifa nne, zote sahihi. Lakini gawanya 8 kwa 4, Zuhura. Kila sifa ina alama 2: moja ya kuitaja na kuieleza, moja ya mfano. Mfano hukutoa hata mmoja, kwa hiyo msahihishaji hata akikupenda vipi ataishia 4.

Angalia sifa ya kwanza ingekuwaje:

"Takriri. Makanga hurudia jina la kituo ili abiria walio mbali wasikie. Mfano: 'Kongowea, Kongowea!'"

Basi, wala si ndefu kuliko ulivyoandika. Kisha ruka mstari, andika (ii), uje na lugha shawishi: "Mama ingia, wawili tu twaondoka", makanga amtia abiria haraka ili asipate nafasi ya kufikiria nauli. (iii) iwe sentensi fupi, "Hamsini!", kwa sababu gari haliwezi kungoja maelezo. (iv) lugha ya mitaani, "Dere". Msahihishaji ana rundo la karatasi mbele yake. Akiona (i) mpaka (iv) zimepangana, hatafuti jibu lako ndani ya aya kama mtu anayetafuta sindano mchangani.

Kuna mtego mmoja utaukuta ukianza kuandika hivi. Unaweza kusema "lugha ya mitaani" kwa mfano wa "Dere", halafu ukasema "ufupishaji wa maneno" kwa "Dere" huyo huyo. Mimi nikikuta hivyo naona hoja moja imevaa nguo mbili, na mfano mmoja siulipi mara mbili. Tena usiandike sita ukidhani utaongezewa. Ukiulizwa nne, nashika nne za mwanzo, na mbaya zikitangulia nzuri ni shauri lako.

Kwenye matumizi ya lugha umejikwaa jiwe lile lile. Ulitakiwa kutofautisha "Ali amemwandikia mama barua" na "Ali amemwandikisha mama barua", alama 2. Ulieleza ya kwanza tu, kwamba Ali aliandika kwa niaba ya mama au barua inamwendea mama. Ya pili, kwamba Ali amemfanya mama aandike, ukaiacha nadhani ukiona iko wazi. Msahihishaji hasomi ulichofikiri. Neno "tofautisha" lina pande mbili, na alama zake ni mbili.

Wakati nao. Karatasi ni saa mbili na nusu, alama 80, yaani dakika 150. Kila alama haifiki dakika mbili. Ufupisho ni alama 15, kwa hiyo dakika 28 hivi, na kusoma kifungu ni humo humo. Wewe umeniambia ulikaa nao karibu dakika 50. Ndiyo maana isimujamii, iliyo mwisho, uliifanya mbio mbio. Kama ufupisho unakushika shati, anza na isimujamii. Hakuna anayekulazimisha kufuata mpangilio wa kijitabu, mradi kila jibu likae kwenye nafasi yake. Na ile mistari waliyoacha isikudanganye: ikiwa mitano na swali lina alama 1, usiijaze.

Liandike upya lile swali la (b) pekee, kwa dakika kumi na tano, saa iwe mezani. Ijumaa navuka feri kuja Likoni kwa shangazi. Nitapita kwako nilione. Mbaazi nazitaka, mahamri nitakuja nayo mimi.

Wako,
Mwanaidi