Kunukuu sauti isiyosikika vizuri kabla ya kuitafsiri

Ndugu wanakikundi, salaam.

Kuhusu ile sauti iliyorekodiwa kando ya barabara, naomba tusianze kutafsiri mpaka maneno yake yaandikwe kwa Kiswahili kama yalivyotamkwa, kwa sababu anayesikiliza na kutafsiri kwa mkupuo mmoja huziba mapengo kwa kukisia, na msomaji wa tafsiri hana namna ya kuyagundua.

Tazameni dakika ya 1:42. Pikipiki inapita, na kinachobaki ni "...takuja Jumanne". Msemaji anaongea haraka, hivyo kati ya "ntakuja" na "stakuja" ni sauti moja tu inayotenganisha ahadi na kukataa, na ndiyo hiyo iliyomezwa na pikipiki. Andikeni hivi:

```
[1:42] [nitakuja? / sitakuja?] Jumanne
```

Pasiposikika kabisa, wekeni `[halisikiki, sekunde 3]`. Alama hizo zihamie kwenye tafsiri vilevile, hata kama zinaharibu uzuri wa sentensi.

Tumieni hedifoni, kwa kasi ya kawaida, kisha mtu wa pili asikilize kabla ya kuona kilichoandikwa, maana ukishalisoma neno, sikio hulisikia hata lisipokuwepo. Wakitofautiana, yaandikwe yote mawili. Ni kweli kwamba mbele kidogo anasema "mnipokee stendi", jambo linaloelekea "nitakuja", lakini huo ni ushahidi wa muktadha, si wa sikio. Uandikwe pembeni kama maelezo, na alama ya kuuliza ibaki mpaka mtumaji mwenyewe atakapojibu.