Maneno ya kuweka chini ya picha ya mtoto

Asalaam alaykum wanagrupu, mwenzetu kajifungua mtoto wa kike mashallah, mama na mwana wazima, mie nalia tu tokea alfajiri! Yeye na mumewe wamekubali tuweke picha stetasi, lakini maneno wanataka wayaone kwanza na mie naona wana haki.

Kuna mmoja kaniletea "baada ya sindano na kupandikiza, tumbo limefunguka". Nimeyatoa jamani. Ukishataja kupandikiza watu wataanza kuuliza yai la nani, hospitali gani, kalipa ngapi, na hiyo "tumbo limefunguka" inamtupia mke peke yake, wakati tatizo laweza kuwa kwa mume, kwa wote wawili au vipimo visione kitu kabisa. Halafu hiyo siri ya matibabu ni ya mtoto pia, atakuja kuisoma akiwa mkubwa.

Wazee wa mtoto wameridhia haya: "Alhamdulillah, baada ya miaka ya subira na dua, Mungu katupa binti. Ahsanteni mliokuwa nasi."

Picha ni ile ya vidole tu. Ile ya kwanza mkono una mkanda wa hospitali, ukivuta karibu unasoma jina la mama na tarehe, alonayo aifute tafadhali. Na humu wamo wenzetu bado wako kwenye matibabu, kwa hiyo msimwambie mtu "zamu yako inakuja".

Akika siku ya saba inshallah, mbuzi kashapatikana, mahala ntawaambia mmojammoja.